Kugeuza nyongeza kuwa fungu la faida, na kuzinasa bidhaa zilizo chini ya lengo: mwongozo kamili

"Kila kitu dukani nimekiwekea asilimia 25. Mbona nikipiga hesabu ya mwezi, faida haifiki robo ya mauzo?"

Swali hili nimeulizwa mara nyingi mno, na mara nyingi anayeuliza ameshaanza kumshuku mtu wa kaunta. Mtu wa kaunta hana kosa. Asilimia 25 iliyoongezwa juu ya gharama huzaa asilimia 20 tu ya mauzo, na orodha nzima ya bei ikipangwa hivyo, duka zima linakimbizana na lengo ambalo halikuwekwa kwenye bei tangu mwanzo. Mwongozo huu ni wa kuipitia orodha bidhaa kwa bidhaa, kugeuza asilimia moja kuwa nyingine, kisha kujua zipi ziko chini ya lengo na uanze na ipi.

## Maneno mawili tusiyachanganye

Nyongeza ni faida ukiilinganisha na gharama. Umenunua kwa 800, unauza 1,000, umeongeza 200. Gawanya 200 kwa 800, unapata asilimia 25.

Fungu la faida ni faida ile ile ukiilinganisha na bei ya kuuzia. Gawanya 200 kwa 1,000, unapata asilimia 20.

Faida ni moja, kilichobadilika ni unachogawanyia. Kwa kuwa bei ya kuuzia ni kubwa kuliko gharama, fungu la faida huwa dogo kuliko nyongeza kwenye kila bidhaa inayouzwa kwa faida, na haliwezi kufika asilimia 100 hata upandishe bei vipi. Kwa hiyo mtu akikuambia ana fungu la faida la asilimia 120, anakusomea nyongeza.

## Vitu vya kuwa navyo

- Orodha ya bei iliyo kwenye rafu leo. Ile ya mwaka jana iliyobandikwa ukutani haifai.
- Ankara ya mwisho ya kila bidhaa, pamoja na risiti za usafiri.
- Idadi ya vipande vilivyouzwa kwa kila bidhaa, mwezi mmoja uliokamilika.
- Programu yoyote ya lahajedwali, kwenye kompyuta au simu. Kikokotoo na daftari pia vinatosha kama bidhaa ni chache.
- Lengo lako, likitajwa kama fungu la faida. Katika mfano wetu ni asilimia 25 ya mauzo.

## Hatua ya 1: Tafuta gharama halisi ya kipande kimoja

Hapa ndipo kazi ilipo, na watu wengi huiruka. Fomula haikosei. Inayokosea ni namba unayoilisha.

Chukua daftari za mfano wetu. Bunda la daftari 12 limenunuliwa kwa 6,600. Ukigawanya, kila daftari ni 550. Lakini bunda hilo lililipiwa 600 hadi kufika dukani, yaani 50 kwa kila daftari. Gharama halisi ni 600.

Tazama 50 hizo zinafanya nini. Daftari inauzwa 750. Ukitumia gharama ya 550, faida ni 200 na fungu la faida ni asilimia 26.7, hivyo daftari inapita lengo la 25 bila shida. Ukitumia 600, faida ni 150 na fungu ni asilimia 20 kamili. Bidhaa ile ile, bei ile ile, ila kwa hesabu ya kwanza usingeigusa kamwe.

Usafiri uliolipiwa kwa mzigo mchanganyiko ugawe kwa kigezo kimoja, uzito au thamani ya mzigo, na ukishakichagua usikibadilishe katikati ya orodha. Mimi hutumia thamani kwa sababu iko kwenye ankara tayari. Ila vitu vikubwa na vyepesi, kama ndoo za plastiki, vigawie kwa nafasi vilivyochukua, la sivyo vitaonekana vya faida kwa kubebwa na vingine.

Tahadhari: bei mpya ya msambazaji ikishaanza kutumika, hesabu kwa bei hiyo hata kama rafuni bado kuna mzigo wa zamani. Utakapoujaza tena utalipa bei mpya.

Utajua umefaulu ukiweza kuchukua bidhaa yoyote, ukaonyesha ankara iliyozaa gharama yake na kiasi cha usafiri kilichoongezwa.

## Hatua ya 2: Toa kodi kwenye bei ya kuuzia

Kama duka linakusanya kodi ya mauzo kwa niaba ya serikali na kodi hiyo imo ndani ya bei ya rafuni, sehemu hiyo si yako. Itoe kabla ya kuhesabu.

Tuseme kiwango cha kodi ni asilimia 20 na balbu ina bei ya 1,200 rafuni. Wengi hutoa asilimia 20 ya 1,200 wakabaki na 960. Hilo ni kosa lile lile tunalolirekebisha hapa, limevaa nguo nyingine: kodi ilihesabiwa juu ya bei isiyo na kodi, kwa hiyo huiondoi kwa kukata asilimia ya bei iliyokwisha kubeba kodi. Gawanya 1,200 kwa 1.20. Jibu ni 1,000.

Gharama nayo iende sambamba. Kama kodi uliyolipa wakati wa kununua hurejeshwa au hukatwa kwenye unayodaiwa, itoe kwenye gharama. Kama hujasajiliwa kukusanya kodi, acha gharama na bei kama zilivyo. Kinachoharibu ni kuchanganya: balbu ya gharama 800 bila kodi, ukiipambanisha na bei ya 1,200 yenye kodi, inakuonyesha fungu la asilimia 33 wakati ukweli ni 20.

## Hatua ya 3: Panga jedwali

Mstari wa kwanza uwe wa vichwa. Safu A ni jina la bidhaa, B gharama ya kipande, C bei ya kuuzia bila kodi, D idadi iliyouzwa kwa mwezi. Safu E hadi I ziache, tutazijaza kwa fomula. Lengo liandike kwenye kisanduku cha pembeni, `L1`, kama `0.25`.

Hizi ndizo bidhaa zetu sita:

| Bidhaa | Gharama | Bei | Iliyouzwa |
|---|---|---|---|
| Balbu | 800 | 1,000 | 120 |
| Kufuli | 3,000 | 4,200 | 10 |
| Betri | 450 | 600 | 200 |
| Daftari | 600 | 750 | 300 |
| Tochi | 5,000 | 6,000 | 4 |
| Gundi | 400 | 700 | 60 |

Bei ya safu C ichukue rafuni. Kuna anayetaka kuipata kwa kuchukua gharama na kuongeza asilimia aliyoikusudia, lakini bei iliyokusudiwa na bei inayotozwa hupishana: mtu alishusha ili chenji iwe rahisi, mwingine alisahau kubadilisha kibandiko. Unakagua kinachotozwa.

Tahadhari: namba ikijipanga upande wa kushoto wa kisanduku bila wewe kuipanga hivyo, huenda programu imeisoma kama maandishi. Mara nyingi ni nafasi iliyojificha baada ya namba, au neno kama "kila moja" lililoachwa humo. Lifute, andika namba tupu.

## Hatua ya 4: Geuza nyongeza kuwa fungu la faida

Kwenye `E2` weka nyongeza, na kwenye `F2` weka fungu la faida:

```
E2:  =C2/B2-1
F2:  =(C2-B2)/C2
```

Zivute zote mbili hadi mstari wa mwisho, kisha zionyeshe kama asilimia zenye desimali moja.

Kama ulicho nacho ni nyongeza tu, bila gharama wala bei, bado unaweza kugeuza: gawanya nyongeza kwa moja jumlisha nyongeza yenyewe.

```
=E2/(1+E2)
```

Nyongeza ya 0.40 igawanye kwa 1.40, unapata 0.2857, yaani asilimia 28.6. Hiyo ndiyo kufuli yetu. Fomula hii pia ni mtihani mzuri: iweke kwenye safu ya pembeni, na jibu lake lazima lifanane na F kwenye kila mstari. Likipishana mahali, kuna mtu ameandika namba juu ya fomula.

Bila kikokotoo, tumia sehemu. Nyongeza ya moja ya nne ni fungu la moja ya tano. Ya moja ya tatu ni fungu la moja ya nne. Ya nusu ni fungu la theluthi. Namba ya juu ikiwa moja, ongeza moja kwenye namba ya chini, basi. Nilipofundishwa hili nilikuwa nimeshapoteza jioni kadhaa nikichora majedwali ya kugeuzia.

Utajua umefaulu ukiona hivi: balbu 20.0, kufuli 28.6, betri 25.0, daftari 20.0, tochi 16.7, gundi 42.9. Kila F iwe ndogo kuliko E yake. Kama F imelingana na E, umegawanya kwa gharama mara mbili.

## Hatua ya 5: Zinase zilizo chini ya lengo

Kwenye `G2`:

```
=IF(ROUND(F2,4)<$L$1,"CHINI","SAWA")
```

Alama za dola zinakizuia kisanduku cha lengo kisihame unapovuta fomula chini. `ROUND` nayo ina kazi yake: kompyuta huhifadhi desimali kwa namna ambayo bidhaa iliyo kwenye lengo kabisa inaweza kusomeka kama 0.24999999 na kuitwa CHINI bila kosa.

Programu ikikataa fomula, jaribu kuweka nukta-mkato badala ya mkato kati ya sehemu zake. Mashine zilizopangwa kutumia mkato kama alama ya desimali zinahitaji hivyo, na huko lengo huandikwa `0,25`.

Katika mfano wetu zinanaswa tatu: balbu, daftari na tochi. Betri imegusa lengo na inabaki SAWA.

Tahadhari: kama bidhaa zote zimeitwa CHINI, tazama `L1` kabla ya kushtuka. Yaelekea umeandika 25 mahali pa 0.25, na programu inataka asilimia 2,500.

## Hatua ya 6: Hesabu bei ya lengo na pengo la mwezi

Wengi wakishaona orodha ya zilizo chini, wanachukua yenye asilimia mbaya kuliko zote na kuanza nayo. Hapa itakuwa tochi. Ngoja kwanza.

```
H2:  =B2/(1-$L$1)
I2:  =MAX(0,H2-C2)*D2
```

H ni bei ambayo ingekupa lengo. Angalia kwamba tunagawanya gharama kwa 0.75, hatuizidishi kwa 1.25. Ukizidisha daftari ya 600 kwa 1.25 unarudi kwenye 750 ile ile iliyokuletea shida. Ukigawanya kwa 0.75 unapata 800. Ukipenda kufikiri kwa nyongeza, lengo la asilimia 25 linadai nyongeza ya asilimia 33.3, na lengo la 30 linadai karibu 43.

I ni pengo: kiasi kinachokosekana kwa mwezi kwa sababu bei iko chini ya lengo, kwa mauzo yale yale.

| Bidhaa | Fungu | Bei ya lengo | Pengo la mwezi |
|---|---|---|---|
| Daftari | 20.0% | 800 | 15,000 |
| Balbu | 20.0% | 1,066.67 | 8,000 |
| Tochi | 16.7% | 6,666.67 | 2,667 |

Tochi, yenye asilimia mbaya kuliko zote, ndiyo yenye pengo dogo kuliko zote, kwa kuwa zinatoka nne tu. Daftari inavuja mara tano na zaidi ya hapo, kimyakimya, kwa 50 moja moja. Panga orodha kwa safu ya I, kubwa juu.

Unapopanga, chagua jedwali zima. Nimewahi kupanga safu moja peke yake, nikakaa saa nzima nikishangaa kwa nini gundi imekuwa ghali kuliko kufuli.

Tahadhari: bei za lengo zikitoka hasi, rudi tena `L1`. Ni ile 25 isiyo na desimali.

## Hatua ya 7: Pata fungu la faida la duka zima

Jaribu kujumlisha mafungu sita ya safu F na kugawanya kwa sita. Unapata asilimia 25.5. Duka limepita lengo, tuzime taa twende kulala.

Jibu hilo ni la uongo. Wastani wa namna hiyo unaihesabu gundi iliyoleta mauzo ya 42,000 sawa na daftari iliyoleta 225,000. Jumlisha faida yote, igawanye kwa mauzo yote:

```
=SUMPRODUCT(C2:C7-B2:B7,D2:D7)/SUMPRODUCT(C2:C7,D2:D7)
```

Faida ni 133,000, mauzo ni 573,000, fungu la duka ni asilimia 23.2. Hii ndiyo namba ya kulinganisha na lengo.

Ilinganishe pia na vitabu. Kama jedwali linasema 23.2 na hesabu za mwezi ule ule zinasema 19, tofauti haiko kwenye bei za rafuni. Itafute kwenye punguzo la kaunta, vitu vilivyovunjika au kupotea, na mizigo isiyoingizwa kwenye hesabu. Punguzo ndilo hula haraka kuliko linavyoonekana: bidhaa yenye fungu la asilimia 30, ukiipunguza bei kwa asilimia 10, inabaki na 22.2.

## Hatua ya 8: Amua kwa kila iliyonaswa

Anza na daftari. Ikipanda kutoka 750 hadi 800, na mauzo yasipobadilika, faida ya duka inakuwa 148,000 kwa mauzo ya 588,000, yaani asilimia 25.2. Bidhaa moja imelivusha duka zima, na hujagusa nyingine.

Mauzo hayatabaki vile vile, utasema. Basi hesabu kiasi unachoweza kupoteza. Kwa bei ya zamani kila daftari iliacha 150, na 300 zilileta 45,000. Kwa bei mpya kila moja inaacha 200, na 45,000 hiyo hiyo inapatikana kwa daftari 225. Ukiuza zaidi ya 225 kwa mwezi umepata faida kubwa kuliko awali. Ukishuka chini ya hapo, rudisha bei, hata kama asilimia inapendeza, kwa maana kodi ya pango hailipwi kwa asilimia.

Balbu inadai 1,066.67, na bei hiyo haibandikwi rafuni. Usiishushe kwa mazoea: kwa 1,050 fungu ni 23.8, bado chini. Kwa 1,070 ni 25.2. Kwa 1,100 ni 27.3. Baada ya kuviringisha bei yoyote, iandike kwenye safu C na uone kama G imegeuka SAWA.

Tochi huenda haipandishiki, pengine kwa sababu wateja wanaijua bei yake kila mahali. Geuza swali: ukibaki na bei ya 6,000, gharama isizidi kiasi gani? Baada ya kupanga orodha kwa safu ya I, tochi iko mstari wa 4.

```
=C4*(1-$L$1)
```

Jibu ni 4,500, na wewe unanunua kwa 5,000. Hiyo ndiyo namba ya kwenda nayo kwa msambazaji. Akikataa, bado unaweza kuamua kuiacha tochi chini ya lengo kwa makusudi, kwa vile anayenunua tochi huondoka na betri, na betri unauza 200 kwa mwezi. Ukiamua hivyo, andika "kwa makusudi" na tarehe kwenye safu ya J, ili mwezi ujao usianze kuihangaikia upya.

Ukishabadilisha bei, hifadhi nakala ya jedwali la zamani kwa jina lenye tarehe, badilisha vibandiko vya rafuni na bei zilizo kwenye mashine ya kuuzia siku moja, kisha jaza upya safu D mwezi ukiisha. Kila ankara inapoingia na bei tofauti, badilisha safu B ya bidhaa hiyo palepale. Betri ilikuwa kwenye lengo kabisa: gharama ikipanda kutoka 450 hadi 460 tu, fungu linakuwa asilimia 23.3, na inaingia kwenye orodha ya CHINI bila mtu yeyote kuigusa bei.